Begi la Baba: Zawadi ya Marafiki kwa Aliyepata Mtoto

Mtoto akizaliwa, zawadi huwa zinajua pa kwenda. Nguo ndogondogo ni za mtoto, vya kumrudishia nguvu ni vya mama, na baba hupewa mkono wa hongera, pengine na fulana yenye maneno ya utani kifuani. Marafiki zake hawana nia mbaya. Wanashindwa tu kujua wampe nini mtu ambaye hakubeba mimba wala hakuingia leba. Sisi tumeshachangishana mara kadhaa kwa ajili ya baba wapya, na mara nyingine tumezikuta zawadi zetu kabatini miezi mitatu baadaye zikiwa bado na kibandiko cha bei. Siku hizi tunaanza na swali moja: wiki hii ni kazi gani ya mtoto itakayomwangukia yeye, na hana nini cha kuifanyia?

Jibu hurudi palepale karibu kila mara. Kunyonyesha ni kwa mama. Kubeba, kubadilisha nepi, kumcheulisha na kumtuliza mtoto ni kazi za yeyote mwenye mikono. Mama akijifungua kwa upasuaji, zinakuwa za baba kwa lazima, maana mama huambiwa asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto mwenyewe kwa wiki za mwanzo, mara nyingi hadi wiki 6. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na nepi hubadilishwa karibu mara hizohizo. Kila mara kuna mtu anainama, ananyanyua, anazunguka chumba. Ndiyo maana zawadi tunayoitetea ina vitu viwili, mbeleko iliyopimwa kwa mwili wa baba na begi lililokwisha kupangwa, pamoja na nyongeza ya tatu isiyouzwa dukani, nayo ni saa za marafiki wenyewe.

Chukua mfano wa marafiki watano wanaomchangia mwenzao. Mtoto amezaliwa na kilo 3.2, kwa upasuaji. Baba ni mrefu, kifua kipana, tumbo limeanza kujitokeza. Mama ni mdogo wa umbo. Nyumbani tayari kuna mbeleko ya mikanda na bizimu iliyoletwa na ndugu, na marafiki wanataka kuvuka hapo haraka kwa kuwa mbeleko ipo. Ipo kweli, ila ni ya mama. Mkanda wa kiunoni ukizungushwa kwa baba unafika mwisho wake bila kubakiza mkia wa kuvutia, na mikanda ya mabegani inamkata kwapani. Mbeleko ya namna hiyo baba huijaribu mara mbili, mgongo unauma, anaitundika nyuma ya mlango, na kila mtu anaamini kuwa hapendi kubeba mtoto.

Kipimo chake ni chepesi. Futi kamba izungushwe usawa wa kitovu, juu ya nguo. Usiamini namba ya suruali, kwa sababu wanaume wengi wenye kitambi hufunga suruali chini ya tumbo, na mzunguko wa huko chini ni mdogo kuliko wa kitovuni. Mkanda wa mbeleko ya kichanga hukaa juu, kitovuni au zaidi kidogo, kwa kuwa mtoto mwenyewe ni mfupi. Ukifungwa chini kwenye nyonga, kichwa cha mtoto kinaishia tumboni na baba anaanza kuinama mbele ili amchungulie. Mgongo huumia kwa kule kuinama; kilo tatu zenyewe hazimsumbui mtu mzima. Basi tafuta mkanda unaofika kipimo hicho na kubakiza sentimita 15 hivi za kuvuta, kwani baridi ikija ataufunga juu ya sweta.

Halafu kuna uzito, na hapa ndipo marafiki wengi hujikwaa. Mbeleko za mikanda huandikwa uzito wa chini wa mtoto, na kilo 3.5 ni namba utakayoikuta kwenye nyingi. Mnunuzi hukumbuka kuwa mtoto ni wa kilo tatu na ushei, anaona tofauti ni ndogo, analipa. Anachosahau ni kwamba mtoto hupungua kwanza. Katika siku za mwanzo anaweza kupoteza asilimia 7 ya uzito wake, pengine hata 10, na huurudisha kufikia siku ya 10 hadi ya 14. Mtoto wetu wa kilo 3.2 akipungua asilimia 7 anashuka hadi karibu kilo 2.98. Tuseme siku ya 12 amerudi pale alipozaliwa, kisha anaongezeka gramu 30 kwa siku, kasi ya kawaida kabisa. Gramu 300 zilizobaki zinataka siku 10 nyingine. Yaani mbeleko hiyo itaanza kazi siku ya 22 au karibu yake, na zile wiki tatu ngumu kuliko zote itakuwa imetundikwa tu.

Kwa hiyo marafiki watano wanagawa zawadi mara mbili. Kwa wiki za mwanzo wananunua mbeleko ya kitambaa kirefu kinachovutika, cha mita 5, kwa sababu haina saizi na inamfunga mwembamba na mnene. Ile ya mikanda, kwa kipimo cha baba, itakuja mwezi wa pili. Kitambaa nacho kina maandishi yake ya uzito, na baadhi huruhusu mtoto mdogo zaidi, lakini si vyote, kwa hiyo kibandiko kisomwe kabla ya kulipa. Na kama mtoto ni njiti, au alizaliwa na uzito mdogo, asiwekwe kwenye mbeleko yoyote mpaka daktari au mkunga aseme sawa.

Shida ya kitambaa cha mita 5 ni kwamba kikitolewa kwenye mfuko kinaonekana kama shuka lililopotea njia. Baba akikipokea saa tisa usiku, macho mekundu, mtoto analia, hatajifunza kitu. Mfundisheni kukifunga kabla, mkitumia mfuko wa kilo 3 wa chochote uliozungushiwa taulo. Kosa la kwanza la karibu kila mwanamume ni kukiacha kimelegea, akidhani anampa mtoto nafasi ya kupumua. Matokeo ni kinyume chake. Kitambaa kilicholegea hushuka kadiri anavyotembea, mtoto anajikunja kama herufi C, na kidevu kinagota kifuani. Kichanga hana shingo ya kujinyanyua, na njia yake ya hewa ni laini. Ikikunjwa, hewa hupungua bila kelele. Halii, hapapatiki. Kwa nje anaonekana amelala vizuri.

Kwa hiyo kitambaa hufungwa kikibana kama fulana ya kukaza kabla mtoto hajaingia, kisha ndipo kinavutwa kumpokea. Akishaingia, baba aangalie kwa mpangilio uleule kila mara mpaka mikono izoee. Anainamisha kichwa: je, anaweza kumbusu mtoto utosini bila kunyoosha shingo? Anatazama chini: uso wote unaonekana, pua na mdomo haviguswi na kitambaa wala kifua? Anapitisha vidole viwili chini ya kidevu cha mtoto, na vinapaswa kupita kwa urahisi. Anagusa miguu: magoti yako juu kuliko makalio, mapaja yameshikiliwa na kitambaa, na hakuna aliyeyatanua kwa nguvu? Mwisho anaweka kiganja mgongoni mwa mtoto na kubonyeza taratibu. Mtoto akisogea na kumkaribia zaidi, kitambaa kimelegea, afungue aanze upya. Ukaguzi huo hauchukui hata nusu dakika. Mtoto awe anamtazama baba, si watu, mpaka shingo yake ikae sawa, na hilo huchukua miezi minne au zaidi.

Joto pia huwadanganya. Mbeleko ni nguo, tena nguo iliyobandikwa kwenye mwili wa mtu mwenye damu moto. Kwa hiyo mtoto avalishwe tabaka moja pungufu ya ambavyo angevaa akiwa kitandani. Kumpima, baba aguse kisogo au kifua. Mikono na nyayo za kichanga huwa baridi hata akiwa sawa, nazo ndizo zinazowafanya watu wamfunike kupita kiasi. Na asipike wala kunywa kitu cha moto akiwa amembeba.

Mbeleko ya mikanda ikifika mwezi wa pili, mama naye ataitaka siku baba akiwa kazini. Wakigawana, kila mmoja anaikuta imevutwa kwa kipimo cha mwenzake, na mtu mwenye haraka huivaa hivyohivyo. Dawa yake ni uzi. Rafiki mwenye sindano akae na baba akiwa amevaa, mikanda ikiwa imekaa sawasawa, na mahali mkanda unapoingia kwenye bizimu ashone mishono mitatu minne ya uzi mwekundu, kwenye nyuzi za juu tu, bila kutoboa mkanda kwa wingi. Afanye hivyo kwa mkanda wa kiuno na mikanda miwili ya mabegani. Ya mama yawe ya uzi wa buluu. Kuanzia hapo baba anavuta mpaka aone nyekundu, basi. Kalamu haifai; hufutika kwenye kufua kwa pili au kwa tatu. Alama hizi hurudiwa mtoto akifika kama miezi minne, maana kifua cha baba hakijabadilika lakini mtoto amenenepa.

Kitu kimoja kidogo tunakiongeza kwenye kifurushi hiki, na watu hukicheka: mashati mawili ya vifungo mbele, ya pamba laini, makubwa kwa saizi moja. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey wa Bogotá, Kolombia, wakati hospitali ilikuwa na uhaba wa mashine za kuwatunzia njiti joto, alianza kuwaweka watoto hao kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo leo inatumika duniani kote, na kifua cha baba nacho hufanya kazi hiyo ya kutunza joto na kutuliza. Baba hukosa tu nguo inayofunguka. Akivaa fulana itabidi aivue yote, chumba kina baridi, wageni wako sebuleni, basi anaahirisha. Akiwa na shati hufungua vifungo vinne, anamlaza mtoto mwenye nepi peke yake kifuani, kichwa kimegeuzwa upande, blanketi jepesi mgongoni kuishia mabegani. Sharti ni moja, nalo halina mjadala: awe macho. Kusinzia na mtoto kifuani kwenye kochi au kiti cha kuegemea ni miongoni mwa hali hatari kabisa kwa kichanga, kwa sababu huteleza na kubanwa kati ya mwili na mito. Usingizi ukimjia, mtoto anahamishwa kwenye kitanda chake, chali, godoro gumu tambarare, bila mto wala midoli. Kwa sababu hiyohiyo tumeacha kabisa kununua mito ya kumwegemezea mtoto na midoli ya kupanga kitandani, hata ikiwa mizuri kiasi gani. Chupa ya pombe nayo, ambayo marafiki wa kiume huikimbilia, inamfaa vibaya mtu atakayekabidhiwa mtoto usiku huohuo.

Sasa begi. Kosa la kawaida ni kununua begi la mtoto, lile lenye picha za dubu, la kuning'iniza bega moja. Baba atalibeba mara moja kwa heshima. Chukua begi la mgongoni la kawaida, la lita 20 hivi, la rangi anayovaa, lakini zipu yake izunguke mpaka lifunguke kama sanduku. Begi linalofunguka juu tu humlazimisha achimbe, na anachimba kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili umemshikilia mtoto. Kitambaa cha ndani kikiwa cha rangi nyepesi, hata soksi moja huonekana.

Usimpe vitu, mpe mafungu. Tulijifunza hili baada ya kuona mabegi yaliyojazwa pakiti nzima ya nepi, pakiti nzima ya vitambaa vya maji na chupa tatu za mafuta, na bado mtu anahangaika kwa dakika kumi juu ya meza ya kubadilishia. Fungu moja ni mfuko mdogo wa plastiki wa kubana, ndani yake nepi 1, vitambaa vya maji 6 na mfuko mwembamba wa taka 1. Mabadiliko moja, fungu moja. Akimaliza, uchafu wote unarudi kwenye mfuko uleule wa kubana na harufu inabaki humo. Hesabu ya mafungu ni fungu moja kwa kila saa 2 za kuwa nje, ongeza mawili. Safari ya kliniki yenye foleni, saa 4, inataka mafungu manne. Vitambaa vya maji vikitolewa kwenye pakiti hukauka, kwa hiyo fungu ambalo halijatumika kwa wiki mbili lifunguliwe na kubadilishwa.

Nepi zenyewe zisiwe nyingi za saizi ndogo. Namba 1 kwa kawaida ni ya kilo 2 hadi 5, na mtoto wa kilo 3.2 anayekua vizuri huanza kubanwa nayo kabla hajafika kilo hizo 5. Marafiki watano wananunua pakiti moja ya namba 1 ya kutengenezea mafungu na nyingine zote namba 2. Baba ataona wakati umefika nepi ikiacha mistari myekundu mapajani au kinyesi kikianza kupanda mgongoni.

Chini kabisa ya begi kuna fungu la mafuriko, katika mfuko mkubwa usiopitisha maji: vesti 1, suruali 1, soksi, kitambaa kikubwa cha pamba, na fulana ya baba. Hiyo fulana ya baba husahauliwa na kila mtu. Mtoto akibadilishwa anang'aa, na baba anamaliza saa tatu za foleni na doa la njano kifuani. Vesti ichaguliwe yenye mabega yaliyopishana kama bahasha. Mabega hayo hayakuwekwa kwa urembo. Yanatanuka ili vesti ivuliwe kwa kushushwa chini kupitia mabega na miguu, badala ya kuupitisha uchafu usoni. Tumekutana na baba wa watoto wawili ambaye hakuwa amewahi kuambiwa hilo.

Kwenye mifuko ya pembeni weka kitambaa cha bega 2, tyubu ndogo ya krimu ya zinki, dawa ya kusafishia mikono na mkeka mdogo wa plastiki unaokunjwa. Poda iachwe, vumbi lake huingia mapafuni. Ndani ya kifuniko cha begi shona utepe wa kitambaa ulioandikwa kwa kalamu isiyofutika: mafungu 4, mafuriko 1, kitambaa cha bega 2, krimu, mkeka. Begi hufeli siku ya tatu, wakati liliporudi nyumbani limeliwa nusu na hakuna aliyelijaza. Utepe unamwambia la kujaza hata akiwa amechoka kiasi cha kusahau tarehe.

Kadi moja ngumu iingie pamoja na hayo. Upande mmoja, namba za simu za kliniki na za mtu wa dharura. Upande wa pili, yale ambayo hakuna anayemwambia baba kwa sababu kila mtu anamwambia mama. Choo cha siku mbili za kwanza ni cheusi na hunata kama lami. Kisha hugeuka kijani, na kufikia siku ya 5 kiwe cha njano. Kuanzia siku ya 5 mtoto aloweshe nepi 6 au zaidi kwa saa 24. Nepi ikunjwe chini ya kitovu mpaka kikonyo kianguke chenyewe, wiki 1 hadi 3. Mtoto wa kiume, uume uelekezwe chini kabla ya kufunga, la sivyo mkojo hutokea juu. Baada ya kufunga, kidole kipite kuzunguka mapaja kuvuta nje vile vimarinda vidogo. Vikibaki vimekunjwa ndani, nepi huvuja hata ikiwa mpya, na watu hulaumu aina ya nepi. Mwishoni, kwa herufi kubwa: joto la 38 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi mitatu, au choo cheupe kama chokaa, ni hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.

Zimebaki saa za marafiki. Wengi hutoa zawadi hii kwa maneno ya "ukihitaji chochote niambie", na baba haambii. Hajui aombe nini, na akijua anaona haya. Kwa hiyo ahadi iandikwe ikiwa na siku, saa na kazi: Jumamosi, saa 8 hadi saa 10 mchana, nakuja kukaa na mtoto, wewe na mama mlale. Saa mbili ni kipimo kizuri kwa sababu zinaingia kati ya kunyonya kumoja na kungine. Mama ananyonyesha, baba anamcheulisha mtoto na kumkabidhi, na rafiki yuko peke yake na kazi moja tu. Asitake kuandaliwa kitu. Mwenye kikohozi, mafua au kidonda cha mdomoni abaki kwao na abadilishane zamu. Hata mzima anawe mikono kwa sabuni sekunde 20 na asimbusu mtoto. Naye asilale na mtoto kwenye kochi, kwa sababu ileile.

Zamu zinapangwaje? Kila kundi linataka wiki ya kwanza, na wiki ya kwanza ndugu wamejaa nyumbani. Marafiki watano wanaweka zamu ya kwanza siku ya 10, mbili katika wiki ya tatu na ya nne, pindi wageni wanapopungua na likizo ya baba, kama alipewa, inapoisha. Mbili za mwisho wanaziacha mwezi wa tatu na wa nne. Sababu ni hii: takriban baba 1 kati ya 10 hupata sonona katika kipindi cha kuzunguka uzazi, na uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi pamoja uliona idadi inakuwa juu zaidi kati ya mwezi wa 3 na wa 6, wakati ambapo kwa nje kila kitu kimeshatulia. Kwa wanaume mara nyingi haionekani kama kulia. Inaonekana kama hasira za ghafla, kuchelewa kazini bila sababu, kunywa zaidi, kutojibu meseji za watu aliokuwa akiwajibu ndani ya dakika. Rafiki wa zamu ya mwezi wa tatu anaweza kuyaona, kwa kuwa amekaa naye saa mbili na hakupita tu mlangoni. Akiyaona aulize wazi, unalala? unakula? umewahi kuwaza kujidhuru? Jibu la mwisho likiwa ndiyo, asiondoke. Waende hospitali pamoja. Yakiwa ni yale mengine na yamezidi wiki mbili, amsindikize kwa daktari, siyo ampe namba ya simu.

Na huyohuyo wa mwezi wa tatu, kabla hajaaga, afungue begi mezani. Nepi namba 1 zilizobaki kwenye mafungu azitoe na kuweka namba 2 au 3 kulingana na uzito wa kliniki ya mwisho. Vesti ya fungu la mafuriko ilikuwa ya mtoto wa mwezi 0 na sasa haipiti kichwani, nayo ibadilishwe. Fulana ya baba ibaki ileile, ikishafuliwa.